Kuipima A Night at the Opera kwa Sikio la Mwanakwaya

Gazeti la shule linapotaka uhakiki wa albamu ya roki, wanafunzi wengi huandika kuhusu wimbo mmoja wanaoujua, wakausifu mwanzo hadi mwisho na kuweka kalamu chini. Albamu ya A Night at the Opera ya bendi ya Queen ndiyo inayoumia zaidi kwa mtindo huo. Katika simu nyingi za vijana wa Swima na Baraka, huku Fizi, kama kuna wimbo wake wowote, ni Bohemian Rhapsody peke yake. Nyimbo nyingine 11 hazipo, na asiyezisikia hawezi kusema albamu ni nzuri au mbaya.

Albamu hii ilitoka Novemba 1975 nchini Uingereza. Mwimbaji wake mkuu, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi, akiitwa Farrokh Bulsara. Alisoma shule ya bweni nchini India, akarudi Zanzibar, kisha familia ikahamia Uingereza baada ya mapinduzi ya 1964. Wenzake walikuwa Brian May kwenye gitaa, John Deacon kwenye besi na Roger Taylor kwenye ngoma. Wote wanne walitunga nyimbo za albamu hii, na ndiyo maana ladha zake zinatofautiana sana: roki nzito, wimbo wa kimapenzi wa piano, jazi ya zamani, na kipande cha opera.

Msikilizaji wa Fizi analo sikio lililokwisha kufundishwa kwa kazi hii. Aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa anajua kutenga soprano, alto, tena na besi bila kuambiwa. Aliyecheza rumba anajua kufuata gitaa la solo huku akilisikia gitaa la kusindikiza chini yake. Albamu ya Queen inataka masikio hayo mawili kwa pamoja, na mhakiki mzuri huanzia hapo: anahesabu sauti, kisha anauliza kila sauti imekuja kufanya nini.

Bohemian Rhapsody ndio mfano wa kufanyia mazoezi. Una urefu wa dakika 5 na sekunde 55, na hauna kiitikio kinachorudiwa. Unaanza kwa sauti tupu, zinazosikika kama kundi la watu, ingawa ni Mercury aliyejirekodi mara nyingi na kuzipanga sauti zake juu kwa juu. Kabla ya dakika ya kwanza kwisha piano inaingia na wimbo unatulia. Baada ya dakika mbili na nusu gitaa la May linapokea. Kwenye dakika ya tatu opera inaanza, na kwenye dakika ya nne roki nzito inalipuka, kisha kila kitu kinashuka hadi kwenye piano tena.

Kipande cha opera kinachukua kama dakika moja tu, lakini kiliwagharimu wiki kadhaa studio. Waimbaji ni watatu: Taylor juu, Mercury katikati, May chini. Deacon hakuimba. Mashine ilikuwa na njia 24 za kurekodia, na zilipojaa, sauti zilizokwisha kurekodiwa zilikusanywa pamoja kwenye njia chache ili nafasi ipatikane kwa nyingine. Kazi hiyo ilirudiwa mpaka utepe wenyewe ukachakaa. Kila sauti inaponakiliwa hivyo, usafi wake hupungua kidogo. Mwenye spika nzuri za masikioni anaweza kulinganisha: sauti za opera zina ukungu kidogo ukizilinganisha na piano ya mwanzo. Hiyo ni kasoro ya kweli na inafaa kuandikwa. Lakini haiuangushi wimbo, kwa sababu kila kipande kinaleta hali mpya kabla msikilizaji hajachoka na kile kilichotangulia.

Sasa uwekwe kando yake The Prophet's Song, uliotungwa na May. Unazidi dakika nane, na ufundi wake ni uleule wa kulimbikiza sauti. Katikati ya wimbo vyombo vinanyamaza, Mercury anaimba peke yake, na mashine inairudisha sauti yake kwa kuchelewa ili aimbe juu yake mwenyewe. Wanakwaya wanaujua mtindo huo wa sauti kufuatana, mmoja akianza na mwingine akimrudia nyuma. Nusu dakika ya kwanza inasisimua. Tatizo ni kwamba inaendelea kwa zaidi ya dakika mbili, na mbinu haibadiliki. Ukisikiliza bila kutazama saa, utajua mahali pa kukata ni pale unapoacha kusubiri sauti inayofuata. Gitaa linaporudi, nguvu iliyokuwa imejengwa imeshapungua.

Nyimbo hizo mbili zinaonyesha kwamba nguvu na udhaifu wa albamu hii vina mzizi mmoja: wanamuziki wa Queen walipenda kuonyesha wanachoweza. Onyesho likiutumikia wimbo, kazi inang'aa. Wimbo ukigeuzwa kuwa mtumishi wa onyesho, kazi inachosha.

Good Company ni mfano wa onyesho lililofanikiwa. Mtu atadhani anasikia bendi ya jazi ya zamani, yenye tarumbeta, klarineti na tromboni. Hakuna hata kimoja. Ni gitaa la May, lile alilolitengeneza mwenyewe na baba yake nyumbani, shingo yake ikitoka kwenye mbao za fremu ya mahali pa kuotea moto, likirekodiwa vipande vipande. Na mbinu hiyo ina sababu: wimbo unasimulia maisha ya mtu tangu ujana hadi uzee, na muziki wa kizamani unambeba.

Sweet Lady ni kinyume chake. Ni roki nzito inayohesabiwa kwa tatu, jambo gumu kwa mpiga ngoma, na Taylor analiweza. Lakini gitaa likizimwa kichwani, muziki unaobaki ni mdogo na maneno hayana uzito. Hapo ndipo jaribio la mluzi linaposaidia: upige wimbo kwa mluzi, bila chombo chochote. Love of My Life unashinda jaribio hilo kirahisi. Studio uliimbwa kwa piano na kinubi, lakini kwenye tamasha la Rock in Rio la Januari 1985 umati ulishika wimbo na kuuimba, huku nyuma yao kukiwa na gitaa moja tu.

Mpangilio nao upimwe. Santuri ilikuwa na pande mbili, na nyimbo zilipangwa ili mzito ufuatwe na mwepesi. Anayezipokea kwenye simu zikiwa zimechanganyika hawezi kuupima, hivyo azipange upya kwa namba zake kabla ya kuandika. Spika ya simu nayo huficha besi na kuchanganya kushoto na kulia. Akikosa spika za masikioni, aazime.

Kwa ujumla, A Night at the Opera ni albamu kubwa yenye wimbo mmoja dhaifu, Sweet Lady, na mwingine, The Prophet's Song, uliostahili kufupishwa kwa dakika mbili. Asiyeijua aanze na You're My Best Friend wa Deacon, ambao hauzidi dakika tatu, ausikilize Love of My Life, kisha ndipo aende kwenye Bohemian Rhapsody akiwa na daftari na kalamu mkononi.