Bango la Ziwa Tanganyika

Sifa ya bango la mazingira ni kila kiumbe kukaa mahali pake, na kwa mwalimu wa Kigoma au Ujiji mtihani mkubwa ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470. Manila kubwa husimamishwa wima na sentimita 1 huwakilisha mita 20. Ziwa huchukua karibu sentimita 74. Juu hubaki nafasi ya ufukwe, michikichi na sokwe wa Gombe.

Hapo ndipo mwalimu hodari hujulikana. Oksijeni huishia takriban mita 100 hadi 200, kwa hiyo dagaa na migebuka hubanana kwenye sentimita 5 hadi 10 za juu. Samaki aliyebandikwa katikati ya bango, hata akikatwa kwa ustadi gani, yuko mahali asipoweza kuishi. Chini huachwa buluu nzito, tupu.

Picha hupangwa kwanza bila gundi. Gundi ya uji wa muhogo hupakwa nyembamba. Ikizidi, karatasi hujikunja. Pembeni huandikwa kwamba samaki wamekuzwa: kwa kipimo cha ziwa, dagaa asingeonekana kabisa.