Koti Jeusi Lisilo na Mikunjo

Miongoni mwa kazi zinazofikishwa kwa mafundi wa picha katika miji ya Kasulu na Kibondo, iko moja inayoombwa kwa maneno mepesi na kutekelezwa kwa taabu kubwa: ndugu wa marehemu huleta picha ya mzee wao aliyevaa koti jeusi, wakitaka koti hilo ligeuzwe jeupe au la rangi ya maziwa kabla picha haijakuzwa na kutiwa kwenye fremu. Mwombaji huona kwamba kinachobadilika ni rangi tu, kwa kuwa ameshaona koti la buluu likigeuzwa la kijani kwa muda mfupi, wala hana sababu ya kudhani kwamba weusi una sheria yake. Fundi aliyekomaa anajua kwamba koti la buluu lilikuwa limehifadhi vivuli vyake ndani ya picha, na kwamba kulibadili kulikuwa ni kuvipaka rangi nyingine vivuli vilevile, ilhali koti jeusi mara nyingi halikuacha kivuli chochote cha kupakwa.

Chanzo cha tofauti hiyo ni mwanga wenyewe. Kitambaa cheusi hurudisha sehemu ndogo sana ya mwanga unaokiangukia, mara nyingi chini ya asilimia 5, hali cheupe hurudisha asilimia 80 au zaidi, na kamera iliyopimwa ili uso uonekane vizuri huliacha vazi jeusi lizame chini kabisa ya kipimo. Katika picha ya kawaida ya dijitali kipimo hicho huanza 0, yaani giza tupu, na kuishia 255, yaani weupe usio na chochote ndani yake. Kisha simu huihifadhi picha kwa mfumo wa JPEG, uliowekewa kanuni zake mwaka 1992, ambao huigawa picha katika viraka vya pikseli 8 kwa 8, pikseli zikiwa ni vile vidoa vidogo vinavyoijenga picha, na kuzitupa tofauti ndogo ambazo jicho halizijali. Tofauti kati ya mkunjo na bonde lake katika koti jeusi ni ndogo namna hiyo hiyo, kwa hiyo ndizo za kwanza kutupwa, na picha inapotumwa kutoka simu moja hadi nyingine mara nyingi hubanwa tena na kupungukiwa zaidi.

Ichukuliwe picha ya mzee aliyesimama uani, jua likimjia kutoka upande wa kushoto, ambayo koti lake, likipimwa kwa pikseli, linasoma kati ya 6 na 18. Hizo ni ngazi 13 tu za mwanga kwa vazi zima, kuanzia bega hadi pindo. Fundi mwenye haraka huzivuta ngazi hizo kwa amri ya Levels au Curves, ambazo kazi yake ni kupandisha na kushusha mwangaza wa picha, hadi zijaze nafasi iliyo kati ya 150 na 235 inayolifaa koti la rangi ya maziwa. Lakini kuvuta hakuongezi ngazi, kwani zile 13 hubaki 13, kila moja ikiwa imeachana na jirani yake kwa hatua 7 hivi, na mahali palipotarajiwa mteremko laini wa kivuli hutokea mistari kama kingo za matuta ya shamba. Uchafu wa faili nao huvutwa kwa kiwango hicho hicho, na vile viraka vya 8 kwa 8, vilivyokuwa vimejificha gizani, hujitokeza kifuani vikiwa na madoa ya kijani na zambarau. Fundi makini huanza kwa jaribio hili hili bila kulihesabu kuwa kazi: huvuta mwangaza hadi mwisho ili aone kilichosalia, hukagua njia za rangi nyekundu, kijani na buluu moja moja, kwa sababu wakati mwingine njia moja huwa imeshika mkunjo ambao nyingine mbili zimeupoteza, kisha hukirudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Hata pale ambapo mikunjo michache imesalia, haiaminiki. Kinachoonekana juu ya kitambaa cheusi, hasa suti ya mtumba yenye nyuzi za polista, kwa kawaida ni mng'ao, yaani mwanga unaoteleza juu ya kilele cha mkunjo na kuacha ufito mwembamba mkali. Kitambaa cheupe cha pamba hakionyeshi umbo lake kwa mng'ao bali kwa kivuli kinachofifia polepole kutoka upande wa jua hadi upande wa pili. Koti jeusi lililovutwa hadi likawa jeupe hubaki na fito zile za mng'ao, na matokeo yake ni vazi linalofanana na bati, ambalo mtazamaji hulikataa bila kujua anakataa nini.

Hapa ndipo inapostahili kukumbukwa kazi ya mafundi wa zamani, wa enzi za studio kama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, na za studio nyingi zisizo na jina zilizoenea bara baada yake. Katika negativu, yaani filamu ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi, koti jeusi lilikuwa eneo angavu lisilo na fedha ya kutosha kushika chochote, hivyo upungufu ulikuwa ule ule unaomkabili fundi wa leo. Tofauti ni kwamba penseli ilikuwa upande wa fundi: alama yoyote ya risasi iliyochorwa juu ya negativu iliuzuia mwanga wakati wa kusafisha picha, na mahali hapo pakatoka peupe zaidi kwenye karatasi. Fundi alipaka kwanza vanishi nyembamba ili penseli ishike, akainamia meza yenye kioo kilichomulikwa kwa chini, akachora kilele cha mkunjo kwa vistari vifupi vilivyoingiliana, akijua kwamba kila mstari uliozidi ungetokea kama kovu jeupe. Kwa kuwa kurudi nyuma kulikuwa kugumu, alilazimika kuufahamu mkunjo kabla ya kuuchora. Programu ya Photoshop, iliyotolewa mwaka 1990 na kupewa matabaka mwaka 1994, imempa fundi uhuru wa kukosea na kufuta apendavyo, na huenda uhuru huo ndio uliowafanya wengi waache kutazama nguo.

Kutazama nguo ndiyo elimu yenyewe. Mikunjo ya koti huanzia mahali kitambaa kinapovutwa au kinapobanwa, yaani kwapani, kwenye kiwiko, na kwenye kifungo kinachobana tumbo, na kutoka hapo husambaa ikipungua nguvu kadiri inavyokwenda mbali. Kuibuni yote kwa brashi huwashinda wengi, hivyo njia iliyo bora ni kutafuta koti la rangi nyepesi lenye mshono unaokaribiana na wa lile jeusi, kumvika mtoto au mdogo wa marehemu mwenye mabega yanayolingana na yake, na kumsimamisha uani saa ambayo jua linatoka upande ule ule unaoonyeshwa na kivuli cha pua kwenye picha ya zamani. Picha hiyo mpya huwekwa juu ya ile ya kwanza, hupindwa kidogo ili kola na mabega vikutane, na hufunikwa kwa barakoa, yaani tabaka la siri linaloamua sehemu ipi ionekane na ipi ifichwe. Kinachosalia hukamilishwa kwa mkono katika tabaka lililowekwa Multiply, ambalo hutia giza bila kuifuta nguo iliyo chini yake. Mwili wa koti hukaa karibu na 210, upande wa jua ukapanda hadi 232, na bonde la kwapani likashuka hadi 150; weupe unaopita 245 huepukwa, kwa sababu mashine ya kuchapa huelekea kuuacha kama karatasi tupu.

Koti jeupe likishakaa mwilini huanza kudai mambo ambayo jeusi halikuyadai. Kivuli cha kidevu, kilichomezwa na kola nyeusi, sasa lazima kichorwe, na ngozi iliyo chini ya kidevu iongezewe mwanga kidogo, kwa kuwa nguo nyeupe huurudisha mwanga juu shingoni. Ndevu nyeupe zilizong'ara juu ya weusi hupotea juu ya weupe, hivyo kola huhitaji kivuli cha kutosha kuzishika. Kwenye kingo za mabega hubaki uzi mweusi, mabaki ya pikseli zilizochanganya koti na ukuta, na vazi jipya lazima lisogezwe nje kwa pikseli moja au mbili ili liufunike. Lipo pia jambo la nyanda hizi zenyewe, ambalo fundi wa mbali angelisahau: udongo mwekundu wa Buha, ukipigwa na jua la kiangazi, hurusha rangi yake juu, na nguo yoyote nyeupe inayosimama juu yake huwa na wekundu hafifu chini ya mikono na kwenye pindo, huku mabega yakichukua ubuluu wa mbingu. Koti jeusi huvimeza vyote viwili. Koti jeupe lisilo na wekundu huo, katika picha iliyopigwa uani Kasulu, huonekana limekatwa mahali pengine na kubandikwa.

Zipo picha ambazo hazina dawa hii, kwa kuwa marehemu ameketi kwa namna isiyoweza kurudiwa au faili imebanwa hadi koti zima linasoma 0. Kwa ile yenye ngazi 13, fundi mwaminifu hupendekeza rangi ya majivu iliyokoza badala ya maziwa, kwa sababu ngazi hizo zikipelekwa kati ya 30 na 75 huachana kwa hatua 4 hivi tu, na chengachenga kidogo zikinyunyizwa juu yake huweza kuificha mistari. Kwa ile ya 0 huomba faili ya kwanza, ile iliyotoka kwenye kamera, na hapo ndipo umaskini wa zama hizi unapojionyesha. Negativu ilikaa kwenye bahasha kabatini mwa studio kwa miaka, ikimngoja mtu asiyejulikana atakayeihitaji, lakini picha ya simu hupotea pamoja na simu, na kinachofika mezani ni nakala ya nakala. Mteja anayeambiwa hayo husikiliza kwa adabu, hushukuru, na huvuka barabara hadi duka la pili, ambako kijana hugusa kioo cha simu mara moja na koti likawa jeupe, bapa, lisilo na kwapa wala kiwiko. Picha hiyo huchapwa kwa ukubwa wa A4 siku hiyo hiyo, na wajukuu watakaokua chini yake hawatakuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo.