Kabla Faili la Kwanza Halijafunguliwa

Wilaya za Tarime na Serengeti zina halmashauri tatu: ya Wilaya ya Tarime yenye makao yake Nyamwaga, ya Mji wa Tarime, na ya Wilaya ya Serengeti iliyoko Mugumu. Kila mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni, zote zinajua kwamba watu wa CAG watafika. Na kila mara wanapofika, kazi huanza kwa kikao cha ufunguzi, ambacho wengi hukiona kama adabu tu ya kupeana mikono. Mimi nakiona kuwa ufundi mgumu kuliko kazi nyingi zinazofuata, na namheshimu sana kiongozi wa timu anayeumudu.

Fikiria walio ukumbini. Mbele ameketi Mkurugenzi, ambaye kisheria ndiye afisa masuuli, pamoja na Mweka Hazina na wakuu wa idara. Hao wameshakaguliwa mara nyingi. Nyuma wapo mhasibu msaidizi aliyehamia majuzi, mtendaji wa kata mwenye mashine ya kukusanyia mapato, na pengine mganga mfawidhi wa zahanati ambaye tangu asubuhi alikuwa na wagonjwa. Mganga huyo alisomea tiba, lakini zahanati sasa ina akaunti yake na mfumo wake wa mahesabu, kwa hiyo ndiye pia mtunza vitabu. Hofu imekaa kwake kuliko kwa Mkurugenzi. Anajua ripoti ya CAG hukabidhiwa kwa Rais kabla ya Machi kwisha, kisha huenda bungeni, na magazeti huishika. Anachokiona kichwani ni jina lake likisomwa redioni.

Kiongozi asiyeijua kazi hii husema, "Msiwe na wasiwasi, sisi ni wenzenu, tumekuja kusaidiana." Sentensi hiyo haijawahi kumtuliza mtu. Wiki ya pili hoja zikianza kuandikwa, waliosikia "sisi ni wenzenu" hujiona wamedanganywa, na tangu hapo majibu huwa mafupi.

Fundi husalimia kwa mpangilio wa mahali pale, wakubwa kwanza, kisha huwatambulisha watu wake mmoja mmoja kwa kazi watakayofanya na mtu watakayekutana naye. Tuseme timu ni ya watu wanne. Anamsimamisha wa kwanza: "Ndugu Mkurugenzi, huyu atakuwa upande wa mapato. Kesho saa tatu atamwomba mhasibu wa mapato orodha ya mashine zote: nani anayo, amekusanya kiasi gani, amepeleka benki lini." Wa pili atashika malipo na hati zake, wa tatu ununuzi na miradi. Wa nne ni binti kijana, naye kiongozi anamgeuzia uso kuelekea viti vya nyuma: "Huyu ndiye atakayekuja kwako, daktari. Atakupigia siku moja kabla. Ukiwa na mgonjwa, atasubiri."

Tazama kilichotokea hapo. Mganga alikuwa akiogopa ofisi nzima ya Dodoma. Sasa anamwona mtu mmoja, anaijua sura yake, na anajua ataombwa nini. Hofu imegeuka kuwa kazi ya kuandaa, na kazi ya kuandaa anaiweza.

Kisha huja sehemu ninayoipenda zaidi, pale kiongozi anapoeleza hoja huzaliwaje. Hatumii vifungu vya sheria. Anachukua mfano wa hapo hapo. Mtendaji amekusanya ushuru mnadani Jumamosi, mashine inaonyesha shilingi 1,250,000, lakini taarifa ya benki ya siku hiyo haina kitu. Je, ni hoja? Bado. Ni swali. Mkaguzi atauliza, na mtendaji akileta hati ya benki ya Jumatatu asubuhi yenye kiasi kile kile, swali limekwisha, kwa sababu Jumamosi jioni kata ile haina benki. Ikiwa hati inaonyesha 1,100,000, kuna shilingi 150,000 za kuelezwa. Maelezo yasipopatikana, ndipo hoja inaandikwa, Mkurugenzi anapewa nafasi ya kuijibu kwa maandishi, na mwishoni kunakuwa na kikao cha kufunga ambako rasimu inajadiliwa kabla ripoti haijatoka. Mtendaji aliyekuwa ameinamisha kichwa anakiinua. Ameelewa kwamba kati ya kasoro na ripoti kuna hatua kadhaa, na katika hatua ya kwanza sauti yake inahesabika.

Fundi wa kweli pia hasemi zaidi ya anavyoweza kutimiza. Akiulizwa, "Kwa hiyo hatutapata hati mbaya?" hajibu kwa tabasamu. Anasema hati hutolewa baada ya ushahidi, na kwamba leo hata yeye hawezi kuijua. Anaongeza jambo ambalo wengine huona gumu kulitamka: Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inawapa wakaguzi haki ya kuona nyaraka wanazohitaji, na dalili za wizi wakizikuta, zitapelekwa kwa vyombo vinavyochunguza. Ajabu ni kwamba ukumbi hutulia zaidi baada ya maneno hayo. Asiye na cha kuficha amepata mpaka ulio wazi, na mpaka humfariji mtu kuliko ahadi.

Kuna swali moja ambalo katika wilaya hizi haliepukiki: nyie ni watu wa wapi? Kwenye nchi ya koo, ambako Mkurya, Mngoreme na Mwikoma wanajuana kwa ukoo kabla ya kujuana kwa kazi, swali hilo ni halali, na linagusa uhuru wa mkaguzi wenyewe. Kiongozi mzuri hulijibu kabla halijaulizwa. Anasema kila mmoja wao amekwisha kutamka kama ana ndugu au maslahi katika halmashauri hiyo, na kwamba mwenye shemeji hapa hagusi kazi ya shemeji yake. Anasema vilevile kwamba malazi na chakula chao vinagharamiwa na ofisi yao, kwa hiyo mtu asihangaike kuwakirimu. Katika jamii inayoona aibu mgeni kulala bila kula kwako, neno hilo linahitaji upole, na pia lisiachwe.

Utajuaje kama kikao kilifaulu? Makofi hayatakuambia. Subiri siku ya nne. Kikao kikiwa kimeshindwa, kila waraka unapita kwa mtu mmoja, kila anayeulizwa anajibu "muulize Mweka Hazina", na daftari la maombi ya nyaraka lina safu ndefu ya tarehe za kuomba bila tarehe za kupokea. Kikiwa kimefaulu, mhasibu msaidizi anakuja mwenyewe, mkononi ana hati isiyo na kiambatisho, na anasema kabla hajaulizwa: hii risiti haipo, naifuatilia. Mkaguzi anayesikia hivyo amepata kitu ambacho sampuli isingempa.

Ufundi huu una kikomo chake. Hauwezi kurudisha fedha zilizoliwa, wala kumtuliza aliyezila, na hautakiwi kufanya hivyo. Tena hauwafikii wasioitwa. Wakurugenzi wa Nyamwaga, Tarime na Mugumu, msijaze ukumbi kwa wakuu wa idara peke yao. Waiteni watendaji wa kata, waganga wafawidhi na walimu wakuu, hata kama ni wachache kwa zamu, ili mkaguzi atakapofika zahanati au shuleni kwao wawe tayari wanamjua.