Mbuzi Yake na Mbuzi Wake

Katika jiko la pwani imo mbuzi isiyokula majani. Ni kigoda cha mbao kinachokunjwa, ambacho mbele yake hutokeza ulimi wa chuma wenye meno, na mpishi hukikalia, akashika kizio cha nazi, akakizungusha juu ya meno yale mpaka nyama yake nyeupe ikadondoka siniani tayari kukamuliwa tui. Mwenye kujua kusema hukiita chombo hicho mbuzi *yake* akimaanisha ya jirani, na mnyama wa jirani humwita mbuzi *wake*. Na katika tofauti hiyo ya silabi moja ndogo, ambayo mtoto wa Tanga au wa Unguja huipokea pamoja na maziwa ya mama, ndimo ulimokuwamo mzaha wote wa filamu fupi niliyopewa kuiandikia tarjuma ya Kiingereza chini ya picha zake, kazi ambayo siku hizi huitwa kuandika manukuu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana wa Nairobi ameoa Tanga, na siku ya tatu ya kukaa ukweni mama mkwe wake, aliyeshika kizio cha nazi mkononi, anamwambia kwa upole, “Baba, hebu nenda kwa Bi Asha ukaniazimie mbuzi yake.” Kijana anaondoka kwa adabu na haraka, akarudi anamvuta beberu kwa kamba, na kusema, “Mama, nimeleta hii mbuzi yake.” Mama mkwe anamtazama beberu, anamtazama mkwewe, halafu anajibu bila kukunja uso, “Haya baba, mkalie, unikunie nazi.” Mjomba wa mke, aliyekuwa ameketi barazani muda wote huo, anamkodolea macho mnyama yule aliyenona, anasema, “Mgeni njoo…”, kisha ananyamaza, akameza mate.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa pahala pa kucheka. Walakini mwenye kutarjumu ni lazima aeleze, angaa moyoni mwake, kwa nini yeye mwenyewe amecheka, maana asiyejua chanzo cha kicheko hawezi kujua ni kipi kati ya vipande vyake kitakachovuka na kipi kitakachozama. Katika Kiswahili cha pwani mnyama huchukua upatanisho wa viumbe wenye roho, hata kama jina lake halibadiliki kwa umoja na wingi. Kwa hiyo mama mkwe aliposema “mbuzi yake” alikuwa amekwisha kutaja kigoda, na wala hakukuwa na utata wowote katika kauli yake. Lakini katika Kiswahili cha Nairobi, kama katika kile cha sehemu nyingi za Kongo, “mbuzi yake” ndiyo kauli ya kila siku ya kumtaja mnyama. Kijana hakukosa kusikia, wala hakukosa akili. Alisikia barabara kwa sarufi ya kwao, akatii. Mzaha basi haukuwa juu ya mjinga, bali juu ya sarufi mbili zilizokutana katika nyumba moja, kila moja ikiwa na haki yake.

Kabla sijasimulia nililolifanya, sina budi kuitaja mipaka ya kazi yenyewe, kwa kuwa mipaka hiyo ndiyo inayoifanya iwe sanaa. Maandishi ya chini hayazidi mistari miwili, na kanuni iliyoenea ni kuwa mstari mmoja usipite herufi 42, nafasi zikiwa zimehesabiwa. Hayakai juu ya picha zaidi ya sekunde 7 hivi. Na jicho la mtazamaji wa kawaida hukadiriwa kusoma herufi 15 mpaka 17 kwa kila sekunde, maana jicho hilo hilo lina taklifu ya kutazama nyuso, mikono na beberu. Hakuna tanbihi, hakuna mabano ya ufafanuzi, hakuna wasaa wa kumgeukia mtu na kumwambia, “Ngoja nikueleze.” Kauli ya mama mkwe ilichukua sekunde 3 tu, nami nilikuwa na herufi 45 za kumfikisha mgeni kwa Bi Asha.

Njia zilizokuwa wazi mbele yangu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa mbovu. Kama ningeandika neno la Kiingereza la mnyama, mtazamaji angeona mama ameagiza mbuzi na mbuzi ameletwa, akabaki akijiuliza wenzake wanacheka nini. Na kama ningeandika neno la chombo cha kukunia, angeona mtu ametumwa kikunio akarudi na mnyama, jambo ambalo ni wazimu na si mzaha. Lugha ile haina neno moja lenye kubeba vyote viwili, wala haina ngeli za kuvitenganisha. Nilikaa na kauli hiyo siku mbili, na hatimaye picha yenyewe ndiyo iliyoniokoa: kizio cha nazi kilikuwa mkononi mwa mama mkwe tangu mwanzo, na mwisho wa filamu Bi Asha mwenyewe huingia akiwa amebeba kigoda chake chenye ulimi wa chuma. Basi nikaandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya “mbuzi wa nazi wa Bi Asha”, jina geni lisilomo katika kamusi yoyote, ambalo mtazamaji hulipokea kwa mashaka kidogo, akaliweka akilini, na nusu dakika baadaye, aonapo kigoda chenye pembe moja ya chuma, akalielewa kwa macho. Kicheko chake huchelewa, lakini hufika.

Hata hivyo nilipoitazama kazi yangu nikiwa nimezima sauti, kama apaswavyo kufanya kila mfasiri wa filamu ili aone kile tu atakachokiona asiyejua lugha, niligundua kuwa nimetenda dhuluma. Kijana wangu wa Nairobi alikuwa amegeuka kuwa mpumbavu. Pale ambapo Kiswahili kilimpa udhuru wa sarufi, Kiingereza kilimvua udhuru huo na kumwacha hadharani na kamba mkononi. Neno lililopotea mtu aweza kulisamehe. Heshima ya mhusika iliyopotea haisameheki, kwa sababu mtazamaji hatajua kwamba kuna kitu kimepotea, na atatoka ukumbini akiamini kuwa ndivyo alivyosema mtunzi. Nikarudi kwenye jibu la kijana. Yeye husema, “Mama, nimeleta hii mbuzi yake,” na kwa kuwa “hii” na “yake” hazikuwa na pa kwenda katika Kiingereza, niliziacha, na mahali pake nikaandika maneno yenye maana ya “Mama, si umesema mbuzi?” Hayo hakuyatamka mwigizaji. Lakini ndiyo aliyoyamaanisha, na kwa hayo alirudishiwa insafu yake: mtu aliyetumwa kwa neno, akalitii neno.

Jibu la mama mkwe lilinifundisha jambo la pili, nalo ni kwamba jicho hulitangulia sikio. “Haya baba, mkalie, unikunie nazi” ni kauli yenye pumzi katikati. Mama husema “mkalie”, husita, humwacha kijana amtazame beberu, ndipo humalizia. Mara ya kwanza niliiweka kauli yote katika mstari mmoja, na ilipoonyeshwa kwa majaribio mbele ya watu wachache waliochanganyika, wenye kusoma walicheka kabla ya mwigizaji kufika kwenye nazi, kicheko chao kikafunika sauti yake, na wenye kusikiliza wakakosa mwisho. Hiyo ndiyo dalili ya maandishi yaliyopangwa vibaya, na huitambui mezani bali ukumbini. Niliikata kauli vipande viwili, nikaacha fremu mbili tupu katikati ili jicho litambue kuwa maandishi yamebadilika, na nazi nikaizuia mpaka mdomo wa mama ulipoifikia. Katika “mkalie” imo tena ile roho ya mnyama, kwa kuwa kigoda angesema “ikalie”. Hiyo niliiacha izame, maana sikuwa na kamba ya kuivutia.

Imebaki methali, na methali ndiyo iliyonitia unyonge. “Mgeni njoo” ni herufi 10, na mjomba huzitamka kwa sekunde moja. Lililobaki, yaani mwenyeji apone, halisemi, kwa kuwa kwetu nusu ya methali hutolewa na msemaji na nusu hukamilishwa na msikilizaji kimoyomoyo, nao wakaunganika wawili katika hekima isiyo na mwenyewe. Mgeni wa lugha hana nusu ya kukamilisha. Mjomba hukaa kimya sekunde mbili, nami nikauazima ukimya wake: kwa muda wa sekunde 3 zote nikaandika maneno yenye maana ya “mgeni akija, wenyeji hula vizuri”, ambayo kwa Kiingereza yalitimia herufi 39. Yanasomeka, yanachekesha, na tumbo la mjomba liko pale pale. Lakini ukimya ulijaa maandishi, na zaidi ya hapo methali ilipata mmiliki. Katika Kiswahili mjomba alijificha nyuma ya wahenga, akatamani nyama kwa kinywa chao. Katika Kiingereza ametamani kwa kinywa chake, naye ameonekana mlafi zaidi kuliko alivyo. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N’kuvute, iliyofanywa filamu na Amil Shivji ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, ilipewa kwa Kiingereza jina la mchezo wa kuvutana kamba: kamba ilivuka salama, ila kile kinywa kinachomwambia mwenziwe “vuta, nami nikuvute” kilibaki ng’ambo ya huku. Huko kinywa kilipotea, na kwa mjomba wangu kinywa kikaongezeka. Hasara mbili zisizofanana kutoka chombo kimoja.

Wako wasiokubali ufinyu huu wa maandishi ya chini. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe kwa watazamaji wa Tanzania, na DJ Afro amefanya hivyo Kenya; mtu wa namna hiyo aweza kueleza, kuongeza chumvi, kumcheka mhusika na hata kumpa jina la mtaani, kwa kuwa sauti ina nafasi ambayo maandishi hayana. Mimi nawaheshimu, walakini wao husimama mbele ya filamu, na mwandishi wa maandishi ya chini husimama chini yake, mahali pa mtumishi, ambapo kazi njema haionwi na mbaya huonwa na kila mtu.

Yeyote aliyewahi kukaa usiku katika ua wa Ngome Kongwe, Unguja, wakati wa Tamasha la Nchi za Jahazi, wenyeji na wageni wakiwa wamebanana mbele ya kitambaa kimoja, amesikia vicheko viwili kwa mzaha mmoja: cha sikio na cha jicho. Kati ya viwili hivyo ndipo alipo mfasiri, akijitahidi visikaribiane mno hata kimoja kikakimeza kingine, wala visiachane mno hata kimoja kikasahauliwa. Basi, ndugu msomaji, siku utakapomaliza kucheka na jirani yako mgeni bado ameukunja uso akisoma, usimhukumu yeye wala aliyemwandikia. Mngoje; Bi Asha bado hajaingia na kigoda chake.