Sifa za Barua ya Pili

Barua ya kwanza ya mshauri wa kujitegemea hupata heshima zote: ina ramani, ratiba na bei. Mimi naisifu ya pili, ile inayoandikwa baada ya mteja kusema, "Bei tutaizungumzia," kisha akanyamaza.

Hapa Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio jirani na ziwa, barua hiyo huandikwa kwa jicho moja kwenye maji. Ziwa lilifurika hadi ndani ya nyumba mwaka 2020, likarudi 2025. Tuseme wenye nyumba za kupangisha wamemwita mhandisi awapimie miinuko ya ardhi na kuwachorea mifereji. Ametaja shilingi 240,000. Kamati yao ikaguna, ikanyamaza.

Asiyeijua kazi hupiga simu: "Mzee, tumefikia wapi?" Akikosa jibu, hushusha hadi 200,000 bila kuombwa. Kamati nayo hujifunza kwamba kunyamaza kunalipa, na kwamba ile 40,000 haikuwa na kazi yoyote nyuma yake. Mjuzi huandika hivi:

"Salamu, Mwenyekiti. Eneo la kupima tumeshakubaliana. Kilichobaki ni ada. Kwa 240,000 napima eneo lote na kuchora mifereji. Kwa 170,000 napima safu ya upande wa ziwa peke yake, bila mchoro. Asilimia 5 mtakayokata na kuipeleka KRA imo ndani ya bei. Kamati ikiketi Jumamosi, naomba mnijulishe mmechagua ipi. Bei hizi ni za hadi mwisho wa Januari, kwa kuwa nataka kupima kabla ya mvua za Machi."

Hakuna kubembeleza humo, wala lawama. Bei imeshuka pamoja na kazi, kwa hiyo kamati haijadili tena kama mhandisi ni ghali, inajadili inataka kupimiwa wapi. Tarehe nayo imewekwa na mvua. Si ya kutishia mtu. Na sentensi ile kavu ya kodi ndiyo ninayoipenda kuliko zote: kwenye 240,000 atapokea 228,000, na jambo hilo limesemwa sasa, si siku ya malipo watu wakiwa wamekunja uso.

Mtego huja kwenye jibu: "Pita tu kwanza uone maji yamefika wapi." Kupita na kuona ndiyo kazi yenyewe. Mhandisi hujibu kwa upole kwamba atafika baada ya kamati kuchagua na kulipa malipo ya kwanza.

Barua haizai pesa pale zisipokuwepo. Januari ikiisha kimya, mhandisi huandika mstari mmoja kwamba ameifunga bei ile, na akihitajika tena atapiga hesabu upya.

Kwa hiyo wewe unayeketi kwenye kamati, jibu hata kama jibu ni hapana. Kabla ya masika mhandisi ana wiki chache za kupima, na mtaa mwingine unazitaka.