Nafasi Thelathini na Saba

Jioni hiyo tulikuwa watu tisa uani kwa dada yangu, Sibwesa, tunapukuchua mahindi. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alikuwa ndiyo kwanza amerudi nami kutoka Mpanda mjini. Huko tulikaa zaidi ya saa tatu kwenye benchi la kibanda cha video, tukitazama Titanic iliyotiwa maneno ya Kiswahili, kazi ile iliyompa jina Lufufu wa Dar es Salaam. Sasa binti alikuwa akiwasimulia waliobaki nyumbani. Filamu niliiona naye mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nilijua kila alipoigusa.

Kwanza alipunguza. Filamu inaanza na bibi kizee anayekumbuka ujana wake, na kuna kito kinachotafutwa chini ya bahari. Vyote alivitupa. Alianzia kwenye karata: kijana maskini, Jeki, anacheza kamari na kushinda tiketi ya meli dakika chache kabla haijang'oa nanga. Alisema hivyo huku gumba lake likifungua mistari miwili ya gunzi. Anayejua kupukuchua hufungua miwili hiyo kwa subira, kisha mingine inafuata yenyewe.

Palipomtaka kazi ni kwenye barafu. Bibi yake barafu anayoijua ni ile ya dukani, ya kwenye mfuko wa nailoni. Binti hakusema "mlima", maana mlima huonekana. Alisimamisha mikono, akauliza, "Bibi, kiboko akiwa mtoni unaona nini?"

"Masikio na pua."

"Basi meli iliona masikio."

Hakuongeza neno. Nami nilikuwa nimejiandaa kueleza kwamba karibu sehemu tisa kati ya kumi za barafu ile huwa chini ya maji!

Kisha akaja kwenye mashua za kuokolea. Filamu inaonyesha zikishushwa hazijajaa, na ndivyo ilivyokuwa kweli mwaka 1912: ya kwanza ilikuwa na nafasi 65, ikaondoka na watu wapatao 28. Hesabu hiyo nilimtajia njiani, sikudhani ameishika. Sasa alimweka ndani ya mashua mtoto ambaye kwenye filamu hayumo, mtoto wa kike anayehesabu. "Nafasi thelathini na saba," mtoto anasema, na mama yake anamnyamazisha. Binti akaendelea na wapiga vinanda, na maji yanayopanda ngazi. Baadaye, kama aliyekumbuka kitu kidogo, akarudi mashuani: mtoto amehesabu tena, ni thelathini na saba. Hapo nikatambua kwamba anapanda mbegu.

Meli ilipokatika, babu aliingilia. Mzee huyo aliwahi kukaa Karema. "Itaibuliwa," alisema. "Liemba ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na mimi nimeipanda." Ulikuwa mwisho mzuri, umeletwa bure, na msimulizi mwingine angeudaka. Binti alimwitikia kwa heshima, "Ndiyo, babu. Lakini watu wako majini sasa hivi."

Kwenye filamu Rozi, mpenzi wa Jeki, analala juu ya ubao, Jeki anashikilia ukingo akiwa ndani ya maji mpaka baridi inamuua. Mashua zipo ishirini, inarudi moja, nayo inachelewa. Binti alisimulia yote hayo bila kuharakisha: ubao usiobeba wawili, nywele zinazoganda, sauti zinazopungua. Kisha akanyamaza, akachukua gunzi jipya, akafungua mstari mmoja, akafungua wa pili.

"Yule mtoto je?" bibi akauliza. "Si kuna nafasi?"

"Thelathini na saba," wakajibu watoto.

"Basi warudi!"

Hapo ndipo akaigeuza mashua, baada ya sisi wenyewe kuidai. Hakuirudisha kirahisi. Mwenye usukani aliogopa watu wataipindua, wakabishana. Walipofika, vidole vya Jeki havikushika kamba, ikabidi avutwe kwa ukosi wa shati. Alikuwa mtu wa thelathini na sita. Wa thelathini na saba alikuwa mpiga fidla.

"Na wengine?" akauliza mdogo wake.

"Mashua ilijaa."

Nilitegemea atawaokoa wote, maana watoto hupenda hivyo. Yeye aliokoa kwa kadiri ya nafasi alizozihesabu, na kwangu mwisho huu ni bora kuliko ule tuliouona kibandani. Nilipomuuliza kwa nini ameubadilisha, alinitazama kwa mshangao.

"Mama mdogo, babu anasema Karema mashua zilizotoka kwenye Liemba zilikuwa zikirudi zimejaa watu."

Asubuhi, nikifunga mzigo, niliwasikia watoto wa jirani wakimsimulia mwenzao aliyekosa. Meli waliiita Liemba na barafu ikawa kiboko kabisa. Nafasi zilibaki thelathini na saba.