Mji na Pindo la Bango

Msanifu mzuri wa bango la chaneli ya YouTube huanza kazi kwa kukubali hasara. Anapewa uwanja wa pikseli 2560 kwa 1440, naye anajua kwamba uwanja huo mzima utaonekana kwenye televisheni tu. Kompyuta huchukua utepe wa katikati wenye kimo cha pikseli 423, na vyote vilivyo juu na chini yake hupotea. Simu huchukua utepe huohuo, kisha hukata kushoto na kulia hadi upana ubaki kama pikseli 1546. Eneo linalosalimika kwenye vifaa vyote halifiki hata moja ya tano ya picha. Humo ndimo jina linamotakiwa kukaa, nami nawaheshimu sana wanaojua kulikalisha bila kulibana.

Anayeijua kanga ataelewa upesi, kwa kuwa ina mji na ina pindo. Mji wa bango ni kile kisanduku cha katikati. Pindo ni vyote vinavyokizunguka. Pindo sharti lipendeze, maana mwenye televisheni ataliona lote, lakini halipewi neno hata moja la kusomwa.

Tuchukue chaneli ya fundi anayefundisha kushona. Anataka bango lake liwe na maneno "Kushona Nyumbani", chini yake "Kila Jumamosi", pamoja na picha ya cherehani. Msanifu mwenye haraka ataweka jina juu kushoto na cherehani katikati, kwa sababu anapochora, picha nzima iko mbele ya macho yake. Mtazamaji wa simu atapata gurudumu la cherehani bila jina. Msanifu makini huchora kisanduku kabla ya kitu kingine chochote: anaacha pikseli 507 kila upande, na takriban 508 juu na chini. Jina linaingia ndani, tena mbali kidogo na kingo.

Cherehani nayo aiweke wapi? Hapa ndipo ninapoipendea kazi hii. Anaiweka kulia, nje ya kisanduku lakini ndani ya utepe. Kwenye kompyuta yenye dirisha pana cherehani inaonekana nzima. Dirisha likipunguzwa, inaanza kukatwa. Kwenye simu haipo, na aliyeikosa hajui kwamba amekosa kitu. Juu na chini anatandaza vitambaa vilevile vilivyo nyuma ya jina, ili televisheni ipate picha iliyokamilika. Kila kifaa kinapewa bango linalokitosha.

Baada ya mahali kuna ukubwa. Upana ule wa pikseli 1546 ukiingia kwenye simu, hupungua hadi karibu robo yake. Herufi yenye kimo cha pikseli 100 inabaki kama 25, nayo inasomeka vizuri. "Kila Jumamosi" ikiandikwa kwa 40, inabaki 10, na hapo macho yanaanza kuhangaika. Afadhali kuikuza, au kuiondoa kabisa.

Kijipicha cha video kina taabu ya aina nyingine. Huandaliwa kwa pikseli 1280 kwa 720, na kwa kawaida hakikatwi sana. Kinachokiumiza ni kupunguzwa na kufunikwa. Kwenye orodha ya mapendekezo upana wake unaweza kushuka hadi pikseli 168 hivi. Pembe ya chini kulia hufunikwa na muda wa video, na aliyewahi kuitazama kidogo huona mstari mwekundu ukipita chini kabisa. Kwa hiyo fundi wetu asiandike "Jinsi ya kushona mfuko wa suruali" kwenye ukingo wa chini. Maneno hayo tayari yamo kwenye kichwa cha video. Kwenye picha "Mfuko wa suruali" inatosha, katika mistari miwili, juu kushoto, kwa herufi nene za kimo cha pikseli 120 zilizo juu ya rangi moja tulivu. Mkono unaoshika kitambaa ukae kulia, ukiishia juu ya ule muda.

Kupima si kugumu. Punguza kijipicha hadi upana wa pikseli 168 na ukisome bila kukikuza. Bango nalo, unapolipakia, YouTube hukuonyesha mipaka ya televisheni, ya kompyuta na ya vifaa vyote kabla hujathibitisha. Wengi hubonyeza kukubali bila kuitazama. Itazame, kisha fungua chaneli yako kwenye simu ya mtu mwingine, na neno lolote usiloweza kulisoma ulirudishe ndani ya kisanduku au ulifute.